Mashine ya zamani ya alizeti: kuuza kwa milioni 8 ni hasara ya nani?

*Habari za kazi. Mimi na kaka yangu tuna kampuni ya kukamua alizeti hapa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mashine yetu tuliinunua mwaka 2016 kwa milioni 38. Kuna mtu wa Singida anaitaka kwa milioni 8. Tumeonyeshwa mpya ya milioni 60, kuifunga kukiwemo, na muuzaji anasema inakamua mara mbili ya hii kwa saa. Mhasibu wetu anasema ya zamani bado ina milioni 11 vitabuni, kwa hiyo tukiiuza 8 tunakula hasara ya milioni 3, bora tusubiri iishe. Kaka naye anasema hatuwezi kuiuza wakati mwaka jana tumeiwekea giaboksi ya milioni 6 na nusu. Tunakamua kama tani 200 kwa msimu na kodi tunalipa. Nimeambatisha hesabu zetu na kipeperushi cha muuzaji. Tuuze au tuendelee nayo?*

Dada, tuanze na ile milioni 11, kwa sababu ndiyo iliyowafunga mikono. Namba hiyo ni bei mliyonunulia ukitoa uchakavu ambao mhasibu ameupanga kwa ajili ya vitabu vya kampuni. Haisemi mashine ingeuzwa kwa bei gani leo, na wala haisemi TRA wanaitambua kwa kiasi gani. Kwenye kodi mashine hiyo ina historia nyingine kabisa.

Sheria ya Kodi ya Mapato ina ratiba yake ya uchakavu. Mashine ya uzalishaji iliyofungwa kiwandani hupewa nafuu ya asilimia 50 ya gharama yake mwaka wa kwanza, na nusu iliyobaki hupunguzwa kwa asilimia 25 ya salio kila mwaka. Ninyi mlinunua kwa milioni 38 mwaka 2016, mkapunguza milioni 19 mwaka uleule. Zile 19 zilizobaki zimekuwa zikikatwa robo ya salio tangu 2017. Ukizifuata hadi mwisho wa 2025 unabaki na takriban milioni 1.4. Kwa hiyo mashine ambayo vitabuni ina milioni 11, kikodi ina chini ya milioni moja na nusu. Ukiiuza kwa 8, vitabu vinaandika hasara ya milioni 3, lakini kwa macho ya TRA umepokea zaidi ya kile ulichobakiwa nacho. Nafuu mliichukua mapema, na sasa sehemu yake inarudi.

Inarudi kwa njia gani? Hapa vitabu vingi vya fedha vinawapotosha wasomaji wa Tanzania. Vingi vinafundisha kwamba ukiuza mali unatoa thamani iliyobaki kwenye bei ya kuuzia, kisha tofauti unaizidisha kwa kiwango cha kodi, ambacho kwa kampuni ni asilimia 30. Kwetu mitambo haihesabiwi mmoja mmoja. Mitambo ya uzalishaji huwekwa pamoja katika kundi moja, na nafuu ya uchakavu hukokotolewa kwenye salio la kundi zima. Ukinunua mtambo, gharama inaongezwa kwenye salio hilo. Ukiuza, fedha uliyopokea inatolewa humo. Maadamu salio halijaisha, mwaka huo huandiki faida wala hasara kwa ajili ya mauzo hayo.

Kwenye ritani yenu ya mwaka jana naona kundi lenu, pamoja na boila, kichujio na jenereta, lina salio la milioni 26. Mkiuza kwa milioni 8, salio linashuka hadi 18. Hamlipi kodi siku hiyo. Mnachopoteza ni nafuu ambayo zile milioni 8 zingewapa miaka inayokuja: mwaka wa kwanza robo yake, yaani milioni 2, ambayo kwa asilimia 30 ni kodi ya shilingi 600,000, mwaka wa pili 450,000, na kuendelea kushuka hivyo. Nimezileta zote kwenye thamani ya leo kwa asilimia 18, kiwango ambacho nitakieleza chini, zikawa kama milioni 1.4. Hiyo ndiyo gharama ya kodi ya kuuza mashine yenu. Kwa hiyo mkononi mnabaki na karibu milioni 6.6 halisi.

Mhasibu wenu, akifuata vitabu vyake, angesema hasara ya milioni 3 inawaokolea kodi ya shilingi 900,000. Kati ya hesabu yake na hii kuna tofauti ya milioni 2.3. Utaona baadaye kwamba katika uamuzi wenu kiasi hicho kinatosha kugeuza jibu.

Kama mashine hiyo ingekuwa peke yake kwenye kundi, mambo yangekuwa mengine. Bei ya kuuzia ingezidi salio, ziada ya milioni 6.6 ingeingizwa kwenye mapato ya mwaka huohuo, na kodi ingekuwa karibu milioni 2 papo hapo. Wenye kiwanda cha mashine moja wanaosoma hapa waliangalie hilo kabla ya kupokea fedha ya mnunuzi.

Giaboksi ya kaka sasa. Milioni 6 na nusu imekwenda, na haitarudi mkiuza wala msipouza. Namwelewa kabisa, kwa sababu ni fedha iliyotoka mfukoni mwenu juzi tu. Lakini swali linaloihusu giaboksi ni moja: je, imefanya mashine iwe na bei nzuri zaidi leo, au imeipunguzia matengenezo ya kesho? Kama imefanya hivyo, faida hiyo tayari imo ndani ya milioni 8 anazotoa mtu wa Singida na ndani ya makisio ya matengenezo nitakayotumia. Kuiweka tena ni kuihesabu mara mbili.

Tuje kwenye kinachobadilika mkinunua mpya. Nisisitize neno kinachobadilika, kwa maana faida nzima ya kampuni haituhusu hapa. Kodi ya eneo, mlinzi, mshahara wa kaka, vyote vinabaki palepale. Na kasi ya mashine, ambayo muuzaji ameipigia debe, kwenu haina thamani yoyote ya kuandika. Nimeangalia ununuzi wenu: mnaishia tani 200 kwa sababu fedha ya kununulia mbegu inaisha, na mashine ya sasa huzimaliza tani hizo ikibaki na muda wa kukaa bila kazi. Mashine ya kasi mara mbili itazimaliza mapema zaidi, kisha itakaa. Ingekuwa mnarudisha wakulima kwa kuwa foleni ni ndefu, ningeandika mengine.

Kilicho na thamani ni mafuta yanayobaki kwenye mashudu. Rekodi zenu zinaonyesha kilo 27 za mafuta kwa kila kilo 100 za mbegu. Kipeperushi kinaahidi 30. Kwa tani 200, kilo 3 za ziada katika kila 100 ni tani 6 za mafuta. Kwa bei yenu ya jumla ya shilingi 3,000 kwa kilo, wengi wangeandika milioni 18 na kuendelea. Lakini tani hizo 6 hazitoki hewani. Leo mnaziuza ndani ya mashudu kwa shilingi 400 kwa kilo. Mkizitoa kama mafuta, mashudu yanapungua kwa uzito uleule. Kwa hiyo faida ya kila kilo ni 2,600, na jumla ni milioni 15.6. Kuna la kuongeza hapo: mashudu yaliyokamuliwa sana yana mafuta kidogo, na baadhi ya wafugaji wa kuku na ng'ombe huyatambua na kushusha bei. Sijaliweka kwenye hesabu, ila waulizeni wateja wenu wakubwa.

Matengenezo ya mashine ya zamani yanawagharimu wastani wa milioni 5.4 kwa mwaka, bila ile giaboksi. Ya mpya nimeikadiria milioni 2. Mnaokoa 3.4. Umeme utaongezeka kama milioni 1 kwa sababu mota yake ni kubwa zaidi. Na kabla ya yote waulizeni TANESCO kama laini mliyonayo inaubeba mzigo huo, kwa maana gharama ya kuboresha laini, ikiwepo, inaongezwa kwenye zile milioni 60. Tukijumlisha, mashine mpya inawaletea milioni 18 zaidi kila mwaka kabla ya kodi. Kodi inachukua asilimia 30, mnabaki na milioni 12.6.

Fedha ya miaka ijayo haina uzito wa fedha ya leo, ndiyo maana naipunguza kwa asilimia 18 kwa mwaka. Mmeniambia benki inawapa mkopo kwa 17, na fedha yenu wenyewe mnaitaka izae zaidi ya hapo, hivyo 18 ni wastani wa haki. Kwa kuwa riba imeshawakilishwa na kiwango hicho, msiitoe tena kwenye mapato ya kila mwaka. Nimeona kwenye jedwali lenu mmeitoa. Mkifanya hivyo mnailipa riba mara mbili, na karibu kila mtambo utaonekana haufai.

Nimechukua miaka mitano, kwa kuwa baada ya hapo siamini makisio ya mtu yeyote kuhusu bei ya alizeti. Milioni 12.6 kwa miaka mitano, kwa thamani ya leo, ni milioni 39.4. Hiyo peke yake haifiki hata karibu ya mnachotoa: 60 mkitoa 8 za mashine ya zamani, yaani 52.

Kinachoziba pengo ni nafuu ya uchakavu wa mashine mpya. Mwaka wa kwanza mnapunguza nusu ya gharama, milioni 30, na kodi inayookolewa ni milioni 9. Mwaka wa pili milioni 2.25, wa tatu karibu 1.7, wa nne karibu 1.3. Kwa thamani ya leo jumla yake inafika milioni 10.9, na sehemu kubwa inatoka mwaka wa kwanza. Basi lazima mwaka huo muwe na faida inayotosha kuzimeza milioni 30. Ninyi mlifunga mwaka na faida ya milioni 44 kabla ya kodi, mnatosha. Kiwanda chenye faida ya milioni 10 kingebaki na hasara ya kikodi ya kubeba mwaka unaofuata, na nafuu hiyo ingefika ikiwa imechelewa na kupungua thamani.

Mwisho wa miaka mitano nadhani mashine mpya itauzika kwa milioni 12. Wakati huo salio lake ndani ya kundi litakuwa karibu milioni 12.7, kwa hiyo mauzo hayatagusa kodi kwa kiasi cha kusumbua. Ya zamani, kama mngebaki nayo, ingeuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, tuseme milioni 1, na hiyo mtaikosa. Tofauti ya hizo mbili kwa thamani ya leo ni milioni 4.8.

Sasa jumlisha: 39.4, na 10.9, na 4.8, ni milioni 55.1. Toa 1.4 ya nafuu mnayoipoteza kwa kuuza ya zamani, zinabaki 53.7. Toa 52 mnazotoa leo. Kinachobaki ni kama milioni 1.7 kwa miaka mitano yote.

Hapo unaona kwa nini nilisema ile tofauti ya milioni 2.3 ni kubwa. Kwa hesabu ya mhasibu mashine mpya ingeonyesha faida ya karibu milioni 4, na mngenunua mkiwa na moyo mkunjufu. Kwa hesabu sahihi faida ipo, lakini imesimama kwenye ukingo. Mashine ikitoa kilo 29.8 badala ya 30, faida yote imetoweka. Ikitoa 29.5, mmepoteza karibu milioni 4. Na kipeperushi hakisemi ile 30 ilipimwa kwa mbegu gani. Mbegu chotara zina mafuta mengi kuliko aina ya mbegu iitwayo Rekodi, na wakulima wengi wa ukanda wenu bado wanapanda Rekodi. Mbegu yenye unyevu nayo hushusha namba hiyo kwenye mashine yoyote.

Lakini dada, kuna jambo jingine ambalo limenifanya nisiandike "nunua" hata kwa zile milioni 1.7. Mpaka hapa tumeilinganisha mashine mpya na ya zamani ilivyo leo. Je, ya zamani haiwezi kuwa bora zaidi ya ilivyo leo? Katika orodha ya matengenezo ya miaka mitatu naona mota, mikanda, beringi na giaboksi. Sioni shafti ya kukamulia, wala vyuma vya kizimba vinavyoizunguka. Hivyo ndivyo vinavyobana mbegu. Vikilika, nafasi kati ya shafti na kizimba inapanuka, shinikizo linashuka, na mafuta yanatoka na mashudu. Dalili zake mnaweza kuziona leo: mashudu yanatoka mazito na laini badala ya kuwa vipande vyembamba vinavyovunjika kwa vidole, yanaacha mafuta kwenye gunia, na fundi anazidi kukaza mdomo wa kutokea bila mabadiliko ya maana.

Seti ya shafti na vyuma vya kizimba, kwa bei mliyotajiwa kwenye ile ankara ya fundi ambayo hamkuifanyia kazi, ni milioni 4.5. Ni matengenezo, kwa hiyo yote inapunguzwa kwenye mapato ya mwaka huohuo, na gharama halisi baada ya kodi ni milioni 3.15. Tuseme inapandisha mafuta kutoka 27 hadi 28 tu. Hizo ni tani 2 za mafuta, milioni 5.2 kwa msimu, milioni 3.6 baada ya kodi. Imejilipa ndani ya msimu mmoja, hata kama itabidi kuibadilisha tena baada ya misimu miwili.

Na hapo mshindani wa mashine mpya amebadilika. Haishindani tena na mashine inayotoa 27, inashindana na inayotoa 28. Faida yake ya mafuta inashuka kutoka tani 6 hadi 4. Hata nikiipa sifa ya kuwaepusha na kubadilisha shafti kila misimu miwili, ile milioni 1.7 inageuka kuwa hasara ya karibu milioni 4.7. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba msinunue msimu huu. Badilisheni shafti na vyuma vya kizimba kabla alizeti ya Mei na Juni haijaanza kuingia, na mtu wa Singida mwambieni asubiri.

Kisha pimeni, kwa sababu namba zangu zote zinategemea ile 28 ambayo ni makisio. Chukueni shehena moja ya mbegu kutoka kwa wakulima wa eneo moja, muigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza likamuliwe kabla ya kubadilisha shafti, la pili baada ya kubadilisha, kwa siku nzima kila moja. Pimeni kwa mizani mbegu inayoingia, mafuta yakishatulia na kuchujwa, na mashudu. Msipime mafuta kwa madumu, kwa sababu povu na masimbi hudanganya. Sampuli za mashudu ya mafungu yote mawili zipelekeni maabara ya chakula zipimwe mafuta yaliyobaki. Hiyo ndiyo namba ambayo hakuna fundi wala muuzaji anayeweza kuibishia.

Muuzaji naye mwombeni jambo moja: mpeleke magunia ya mbegu yenu wenyewe kwenye kiwanda ambacho tayari kina mashine kama hiyo, ikamuliwe mkiwa mmesimama hapo. Kama ya zamani baada ya matengenezo bado iko 27, na ile mpya kwa mbegu yenu imefika 30 au zaidi, rudini kwenye hesabu ya kwanza, na nunueni. Ikifikia hapo, jitahidini mashine ifungwe na ianze kukamua kabla ya Desemba 31 mkiwa bado na mbegu ghalani, kwa kuwa nafuu ya asilimia 50 hutolewa kwa mtambo uliokwisha kuanza kutumika ndani ya mwaka. Ikifungwa Januari, zile milioni 9 zinasubiri mwaka mzima.

Na mkiuza ya zamani, toeni risiti ya EFD kwa bei kamili mliyopokea. Kama mmesajiliwa VAT, milioni 8 hizo ziwe kabla ya VAT, na mnunuzi alijue hilo tangu mwanzo, kwa sababu akidhani 8 ni yote, VAT itatoka mfukoni mwenu na bei yenu halisi itashuka hadi milioni 6.8.